Barua ya wazi kwa kamati ya kongamano: "Saa 6 usiku, tarehe 30" ni usiku upi?

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Kamati Andalizi,
Nairobi.

Jumatatu, 26 Mei 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: WITO WA MAKALA, NA IKISIRI ZILIZOFUNGIWA NJE TAREHE 30 APRILI

Pokea salamu zangu. Sitalitaja kongamano lenu kwa jina. Wanaolijua watalitambua, na wasiolijua hawahitaji jina ili kuelewa shida yenyewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Nairobi, na jioni nasomea shahada ya uzamili. Nimehudhuria kongamano lenu mara mbili nikiwa msikilizaji. Mwaka huu nilitaka kuwasilisha.

Kabla ya kuja hadharani nilipiga hodi. Niliwaandikia baruapepe tarehe 2 Mei, nikajibiwa kwa sentensi moja: "Makataa ni makataa." Niliandika tena tarehe 9 na tarehe 16, kimya. Tarehe 20 nilikuja ofisini mwenyewe. Nilikaribishwa vizuri na chai nikapewa, lakini Mwenyekiti alikuwa mkutanoni, na karatasi niliyoiacha mezani sijui iliishia wapi. Ndiyo maana leo nasema mbele ya watu, kwa heshima ileile niliyokuja nayo ofisini.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jumatano tarehe 30 Aprili, saa 4:40 usiku, nilibonyeza kitufe cha kutuma ikisiri yangu. Ilihusu jinsi wachuuzi wa mboga wa soko la Wakulima wanavyoelewa ujumbe wa Kiswahili unaotoka kwenye huduma za pesa za simu. Wito wenu ulisema ikisiri zipokewe "kabla ya saa 6 usiku, tarehe 30 Aprili", kwa hiyo kwa hesabu yangu nilikuwa na saa 1 na dakika 20 za ziada. Fomu ikanijibu kwamba muda wa kutuma umekwisha. Nikapiga simu, haikushikwa. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi, ofisi zimefungwa. Ijumaa ndipo nikapata ile sentensi yenu moja.

Tangu hapo nimeusoma wito huo neno kwa neno, kurasa zote 6, kalamu nyekundu mkononi kama ninavyosahihisha insha za kidato cha tatu. Haya ndiyo niliyoyaona.

1. Saa

Nianze na hili kwa sababu ndilo lililonifungia mlango, na kwa sababu linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko watu wengine wote.

"Saa 6 usiku, tarehe 30 Aprili" inasomeka kwa namna tatu, na zote tatu ni sahihi. Mkazi wa Nairobi kama mimi huamka tarehe 30, hushinda kutwa, huona giza linaingia, na saa 6 ya usiku huo ndiyo mwisho wa tarehe 30. Ndivyo nilivyosoma mimi. Mashine haina mchana wala giza. Kwa mashine siku huanza 00:00, na 00:00 ya tarehe 30 ndiyo ile saa 6 ya usiku baada ya Jumanne tarehe 29. Aliyetengeneza fomu yenu bila shaka alijaza tarehe peke yake, akaiacha nafasi ya saa wazi, na mashine ikajaza 00:00 yenyewe. Hiyo ni kawaida yake. Kwa hiyo wakati mimi nabonyeza kitufe nikidhani nimewahi, fomu ilikuwa imeshafungwa kwa saa 22 na dakika 40.

Usomaji wa tatu ni wa wazee wetu wa pwani, ambao kwao siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa, kwa hesabu hiyo, ni ule unaokuja baada ya Alhamisi. Redioni husema "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili mtu asipotee. Nina rafiki kutoka Lamu ambaye alisoma wito huohuo, akatuma ikisiri yake jioni ya tarehe 29, ikapokelewa. Mpaka leo anaamini mimi ni mvivu tu. Yeye na mashine walikubaliana bila kupanga.

Na bado. Sehemu ya Kiingereza ya wito huo inasema saa kumi na mbili jioni. Najua kilichotokea: aliyetafsiri aliibeba tarakimu 6 kama ilivyo, akasahau kwamba saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza zimeachana kwa saa 6. Wito mmoja, basi, una nyakati tatu za kufunga mlango: mwanzo wa tarehe 30, jioni ya tarehe 30 na mwisho wa tarehe 30. Mtu akiuliza ni upi, jibu linapatikana kwenye mipangilio ya fomu, mahali ambapo hakuna mwandishi anayeweza kuona.

Dawa yake si kuandika "saa 6 usiku" kwa herufi nzito. Dawa ni kuachana na usiku wa manane kabisa. Fungeni mchana, kwa mfano saa 11 jioni, na muiandike kwa saa zote mbili: "saa 11 jioni (17:00)". Tarakimu 17 haina mwenzake asubuhi, kwa hiyo hata anayezoea saa ya Kiingereza hakosei. Tangulizeni jina la siku, "Jumanne, 15 Julai", kwa sababu jina la siku hukagua tarehe: likipishana na kalenda, msomaji anajua papo hapo kuna kosa na anauliza. Mwezi uandikwe kwa herufi. 5/7 kwa mmoja ni Julai na kwa mwingine ni Mei. Halafu muongeze "saa za Afrika Mashariki". Sisi na Dar es Salaam tunatumia saa ileile, lakini wenzetu wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura, ambao Kiswahili ni chao pia, wako nyuma yetu kwa saa 1. Kwao 17:00 yetu ni 16:00.

Kufunga saa 11 jioni siku ya kazi kuna faida nyingine ambayo mimi niliikosa. Fomu ikigoma, kuna mtu ofisini wa kushika simu.

2. Tarehe iliyoandikwa kila mahali

Makataa ya ikisiri yametajwa mara tatu. Ukurasa wa 1 unasema tarehe 30 Aprili. Ukurasa wa 4 unasema "mwishoni mwa Aprili". Jedwali la ukurasa wa 6 linasema tarehe 31 Aprili, siku ambayo Mungu hakuiumba.

Makosa ya namna hii hayatokani na uzembe. Yanatokana na kuchukua wito wa mwaka jana na kubadilisha yale yanayoonekana kwa haraka. Tarehe iliyo mahali pamoja hubadilishwa mara moja ikaisha. Iliyo mahali patatu hubadilishwa mara mbili, na ya tatu inabaki ikisubiri kumwumbua mtu. Kwa hiyo kila tarehe iwe na nyumba moja tu, ndani ya jedwali la tarehe, na kwingineko kote pasemwe "tazama jedwali la tarehe", basi. Kipimo chake ni rahisi. Kabla ya kuusambaza wito, fungueni faili, mtafute neno "Aprili", kisha "Mei", kisha "Julai". Likijitokeza lolote nje ya jedwali, lifuteni.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka tarehe zipangwe kwa mfuatano. Nilizitoa kwenye aya zake nikaziandika moja chini ya nyingine. Ada nafuu ya kujisajili inakoma tarehe 20 Mei. Majibu ya ikisiri yanatolewa tarehe 30 Mei. Yaani mtu anaombwa alipe siku 10 kabla ya kujua kama amekubaliwa, au asubiri jibu kisha alipe ada kamili. Sidhani mlikusudia hivyo. Kila tarehe ilikuwa ukurasa wake, na hakuna aliyeziona zimekaa pamoja. Kwa sisi tunaoomba ruhusa na nauli kwa waajiri, hakuna mhasibu atakayepokea ombi lisilo na barua ya kukubaliwa. Ada nafuu inayokoma kabla ya barua hiyo kutoka si nafuu ya mtu yeyote.

3. Mada ndogo 23

Mada kuu yenu nzuri, sina neno nayo. Chini yake mmeorodhesha mada ndogo 23, na 11 kati ya hizo zinaanza kwa maneno "Nafasi ya lugha ya Kiswahili katika". Katika karatasi hilo ni suala la mtindo tu. Katika fomu ni shida kubwa, kwa sababu mwandishi anatakiwa kuchagua mada moja kutoka orodha inayofunguka chini, na wengi wetu tunatumia simu. Kioo cha simu yangu kinaonyesha kama herufi 35 kwa mstari, kisha kinakata. Hesabuni maneno hayo pamoja na nafasi zake: yanafika herufi 35 kamili. Hivi ndivyo nilivyoona:

Nafasi ya lugha ya Kiswahili katika…
Nafasi ya lugha ya Kiswahili katika…
Nafasi ya lugha ya Kiswahili katika…

Mara 11. Nilikuwa nachagua gizani. Niligusa mmoja, nikasubiri ufunguke, si wenyewe. Nikarudi, nikagusa wa chini yake. Dakika zangu nyingi ziliishia hapo.

Neno linalotofautisha mada ndilo linalopaswa kutangulia. "Nafasi ya lugha ya Kiswahili katika tafsiri na ukalimani" iwe "Tafsiri na ukalimani". "Nafasi ya lugha ya Kiswahili katika kukuza sekta ya fedha na biashara" iwe "Fedha na biashara". Kwamba lugha ni Kiswahili tunajua, ndiyo sababu tumekuja.

Baada ya hapo mtagundua kwamba nyingine zinagongana. "Kiswahili na teknolojia", "Kiswahili katika enzi ya kidijitali" na "Tehama na lugha" ni ndugu wa tumbo moja. Ikisiri yangu ingeingia zote tatu, na ingeingia pia "Fedha na biashara". Mtasema haidhuru, nichague yoyote. Inadhuru, kwa sababu mada ndiyo inayoamua ikisiri itasomwa na mhakiki gani. Ikisiri tatu za jambo moja zikiwa kwenye mada tatu, zitasomwa na watu watatu kwa vipimo vitatu, na siku ya kongamano zitawekwa katika vyumba vitatu kwa wakati mmoja, wasikilizaji walewale wakigawanyika.

Kwa hiyo orodha ianze upande wa wahakiki. Andikeni majina ya wahakiki mlio nao, na kando ya kila jina mambo anayoweza kuhakiki. Mada isiyo na angalau wahakiki wawili isiingie kwenye wito. Ni ahadi msiyoweza kuitimiza. Mkifanya hivyo nadhani mada 23 zitashuka hadi 7 au 8. Kila moja ipewe mstari mmoja wa maelezo unaosema kilichomo, na inapobidi, kisichokuwamo: "Tafsiri na ukalimani: tafsiri ya vitabu, sheria, ujumbe wa simu, ukalimani mahakamani na hospitalini." Mstari huo mmoja ungeniambia mara moja mahali pangu.

Na msiogope kuandika mwishoni: "Kazi isiyoingia popote itumwe chini ya Mengineyo, kamati itaipangia mahali."

4. Maneno 250, au 300, au herufi 1,500?

Ukurasa wa 2 unataka ikisiri ya maneno 250. Ukurasa wa 5 unasema "isizidi maneno 300". Kisanduku cha fomu chenyewe hakihesabu maneno. Kinahesabu herufi, na kinakoma kwenye 1,500 bila kumwambia mtu.

Ikisiri yangu ilikuwa na maneno 248. Nilipoibandika kwenye kisanduku, sentensi ya mwisho, ile inayotaja nilichokigundua, haikuwamo. Ikisiri ilikatikia katikati ya neno "wachuuzi", ikabaki "wachu". Ningekuwa sijaisoma tena, ningetuma utafiti usio na matokeo, na mhakiki angenihukumu kwa haki kabisa.

Kisa chake ni lugha yenyewe. Neno letu moja hubeba mzigo wa sentensi: "hatukuwaambia" ni neno moja lenye herufi 13, na Kiingereza kinalitaka maneno manne au matano mafupi. Maneno 248 yangu, pamoja na nafasi, yalifika herufi 1,790. Kikomo cha herufi 1,500 yawezekana kilichukuliwa kwenye fomu ya Kiingereza, ambako maneno 250 hukaribia kuenea humo. Kwa Kiswahili hayaenei. Chagueni kipimo kimoja, kiwe cha maneno, na kisanduku kiruhusu herufi 2,500 ili kisimbane mtu. Kisanduku kikifika kikomo kiseme wazi badala ya kukata kimyakimya. Niliipunguza ikisiri yangu kwa nusu saa nzima, na ndiyo nusu saa iliyonifikisha saa 4:40.

La majina nitalipita haraka. Ukurasa wa 3 unasema uhakiki utafanywa bila mhakiki kujua mwandishi ni nani. Ukurasa wa 5 unaagiza jina, chuo na namba ya simu viandikwe chini ya kichwa cha ikisiri, na faili ipewe jina la mwandishi. Moja lazima liondoke. Majina yakae kwenye fomu, faili iwe na namba tu. Waandishi waelekezwe pia wafute jina linalobaki ndani ya sifa za faili, kwa kuwa programu ya kuandikia huliweka humo hata kama ukurasa hauna jina lolote.

5. Wito uliokuja kama picha

Wengi tuliupata wito kwa WhatsApp, ukiwa picha ya kurasa zilizopigwa chapa, zikatiwa muhuri, zikapitishwa kwenye skana. Picha kwenye simu nyingi haitafutiki. Ukiandika "makataa" simu haioni kitu, kwa sababu kwake zile si herufi ila madoa meusi. Anwani ya baruapepe huwezi kuinakili, unaiandika kwa mkono ukiomba usikosee nukta. Na WhatsApp huipunguza picha ikitumwa, basi jedwali la ukurasa wa 6 lilinifikia likiwa ukungu.

Lakini si usumbufu wangu ulionifanya niliandike hili peke yake. Ninasoma na mwenzangu asiyeona. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti, kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata. Alipoufungua wito wenu simu ilitamka neno moja: "Picha." Akatelezesha kidole. "Picha." Mara sita. Ilibidi nimsomee mimi, na nilipofika kwenye tarehe 31 Aprili akadhani namtania. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Kuitimiza haki hiyo hapa hakuna gharama: faili lilelile mlilochapa kabla ya muhuri, litumwe kama maandishi. Mkitaka muhuri, bakini na nakala yake ofisini.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema kila mwaka wito huwa hivi na ikisiri huja nyingi. Ni kweli, huja. Zisizokuja hamzioni, ndiyo maana hamzihesabu. Fungueni kumbukumbu za fomu, mwangalie ni watu wangapi waligonga mlango tarehe 30 kati ya 00:00 na 23:59. Mimi nawajua wawili bila kujijumlisha.

Mtasema waandishi hawasomi maagizo. Wengine kweli hawasomi. Nina wanafunzi, najua. Lakini maswali yanayojirudia kwenye kundi la WhatsApp la kongamano ni yaleyale: mwisho lini, maneno mangapi, jina liandikwe au lisiandikwe. Wazembe wa kawaida huuliza maswali ya kila aina. Watu wengi wakiuliza swali moja, shida iko kwenye karatasi.

Mtasema wito lazima uanze na salamu za viongozi na historia ya kongamano. Sipingi. Zihamishieni ukurasa wa 2. Ukurasa wa 1 mtu anautafuta kwa mambo manne: naweza kuzungumzia nini, nitume nini, lini, wapi.

Na mtasema kamati inafanya kazi ya kujitolea, usiku, baada ya kazi zenu. Hili nalikubali kwa moyo wote, kwa sababu na mimi niliandika ikisiri yangu saa hizohizo. Ndiyo maana siombi kamati mpya wala tovuti mpya. Yote niliyoyataja yanamalizwa na watu wawili kwa alasiri moja.

Ninachoomba

Kwanza, ikisiri zote zilizojaribu kuingia tarehe 30 Aprili, kabla ya siku hiyo kwisha, zipokewe na zisomwe kwa vipimo vilevile. Waandishi hao hawakuchelewa, walisoma mlichoandika. Wanaotakiwa kujibiwa tarehe 30 Mei wajibiwe siku hiyo, na sisi tupewe wiki moja zaidi.

Pili, ada nafuu isogezwe hadi siku 14 baada ya majibu kutolewa.

Tatu, na hili ndilo la haraka zaidi: wito huohuo unasema makala kamili zipokewe "tarehe 15 Julai, saa 6 usiku". Mtego ni uleule, na watakaokubaliwa sasa ndio watakaonasa. Tangazeni upya kabla ya Mei kwisha. Mkikosa mtu wa kuandika, chukueni hili, nimewaandikia. Idadi ya maneno ni ile iliyo kwenye ukurasa wenu wa 5:

Makala kamili
Mwisho wa kutuma: Jumanne, 15 Julai 2025, saa 11 jioni (17:00), saa za Afrika Mashariki.
Urefu: maneno 5,000 hadi 6,000, bila kuhesabu marejeleo.
Lugha: Kiswahili au Kiingereza.
Faili: .docx moja, isiyo na jina la mwandishi popote. Iite kwa namba ya ikisiri yako.
Mahali pa kutuma: fomu ya kongamano pekee. Makala zilizotumwa kwa WhatsApp hazitasomwa.
Uthibitisho: utapata baruapepe ndani ya saa 24. Usipoipata, piga simu ofisini kabla ya mlango kufungwa.
Makataa yakisogezwa: tarehe ya zamani itabaki hapahapa ikiwa imepigwa mstari, na mpya itaandikwa kando yake.

Mistari minane pamoja na kichwa chake, na kwenye simu inaenea bila kusogeza kidole sana. Ule mstari wa mwisho msiuone mdogo. Mwaka jana tarehe ilisogezwa kwa ujumbe uliotumwa kwenye kundi moja tu, na waliokuwa nje ya kundi waliendelea kukimbizana na tarehe iliyokufa.

Nne, kabla fomu haijafunguliwa, mtu mmoja asiye mwanakamati, mwenye simu ya kawaida, aketi nayo na ikisiri ya Kiswahili ya maneno 250, ajaze mwanzo hadi mwisho huku mmoja wenu akimtazama bila kusema neno. Kila anaposimama kuuliza, wekeni alama. Hapo ndipo wito una tundu. Kisha iwekeeni mashine makataa ya uongo ya leo saa 11 jioni, mjaribu kutuma saa 10:58 na saa 11:02. Ya kwanza ipite, ya pili ikatae.

Kama kuna ombi hapa mtakaloliona haliwezekani, naomba mniandikie hilo na sababu yake, nami nitalitangaza kwa uwazi uleule niliotangazia malalamiko. Anwani yangu mnayo kwenye zile baruapepe tatu.

Ikisiri yangu nimeirudishia sentensi yake ya mwisho. Ina maneno 248 na haina jina. Naweza kuituma leo, saa yoyote ya mchana.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
Nairobi.